Sekunde 30 kabla ya wimbo: kufungua katuni ya vichekesho

"Wakuu, naandika katuni ya vichekesho, vipindi vya dakika 11, ya kuweka YouTube. Kile kipande kinachokuja kabla ya wimbo wa kipindi kinanishinda. Nikitambulisha wahusika watu wanaondoka, nikiacha kuwatambulisha hawaelewi. Nyie mnaziandikaje sekunde 30 za kwanza? Na je, lazima zihusiane na hadithi ya kipindi chenyewe?"

Mkuu, usimtambulishe mtu yeyote. Chukua mhusika mmoja, mpe kitu anachokitaka na kitu kinachomzuia, halafu hakikisha vyote viwili vinaonekana kwenye picha kabla mtu hajafungua mdomo. Mtazamaji akishajua jamaa anataka nini, habari za jina lake na kazi yake zitamfikia tu huko mbele.

Nitakupa mfano wa kipande tulichokitengeneza, kwa sababu maelezo matupu hayasaidii. Katuni yetu ni ya duka la Mangi, lile la uswahilini lenye dirisha la nondo. Skripti iliyoletwa mezani mara ya kwanza ilianza na jua kuchomoza, jogoo akawika, mtaa ukaamka, kisha Shafii akafika dukani. "Shikamoo Mangi." "Marahaba, hujambo?" "Sijambo, za tangu jana?" "Nzuri, nyumbani hawajambo?" Hapo sekunde 20 zimekwenda na hatujui Shafii kafuata nini. Hili ni tatizo letu hasa sisi tunaoandika Kiswahili: mhusika asiposalimia anaonekana hana adabu, na akisalimia vizuri kakumalizia muda. Dawa yake ni kuingia wakati salamu zimeshapita. Au ifanye salamu yenyewe iwe kichekesho: mwenye deni anauliza hali za nyumbani, za shamba, za kuku, ili mradi mwenzie asipate upenyo wa kudai.

Sisi tuliingia katikati. Kilichoruka hewani ni hiki:

Usiku. Taa moja inawaka juu ya dirisha la Mangi, na kwenye nondo kuna boksi lililokatwa na kuandikwa MKOPO KESHO. Chini yake Shafii kakalia kreti la soda, kavaa msuli, kopo tupu la sukari mapajani, macho kwenye saa ya mkononi. Sekunde nne, hakuna neno. Tayari unajua anachokitaka, unajua kinachomzuia, na unaanza kunusa ujanja wake.

Mishale yote miwili inalala kwenye 12. Shafii anagonga nondo kwa sarafu: "Mangi! Kesho imefika."

Mangi anatoka na shuka lake. Anatazama kile kibao, anatazama saa, anarudi kwenye kibao. Kimya. Halafu anapitisha mkono kwenye nondo, anaushika mkono wa Shafii, anarudisha mshale nyuma dakika tano. "Rudi kesho." Dirisha linafungwa.

Juu ya bati, jogoo aliyekuwa ameshavuta pumzi awike anasita. Anatoa saa yake ndogo chini ya bawa, naye anarudisha mshale, anafumba macho. Tunakata, wimbo unaingia. Jumla ni sekunde 26. (Kwenye komenti kuna waliobisha wiki nzima kwamba saa sita usiku bado ni leo. Waache wabishe.)

Hesabu maneno: matano tu kwa kipande kizima. Kwa kasi ya mazungumzo ya kawaida, maneno 60 hadi 70 yanatosha kujaza sekunde 30 bila kubakiza nafasi ya mtu hata kugeuza shingo. Kwa hiyo nikiona ukurasa wa kwanza una maneno zaidi ya 25 ya kusemwa, najua mwandishi anaandika mchezo wa redio. Si kwamba maongezi ni mabaya. Ila mtazamaji bado hajawazoea hao watu, sauti zote kwake ni ngeni, na mzaha unaotegemea nani kasema nini unampita.

Yule jogoo nakuomba umwangalie vizuri. Mzaha ungeweza kuishia kwa Mangi kufunga dirisha, na watu wangecheka. Jogoo anafanya kazi nyingine: anamwambia mtazamaji katuni hii ina sheria gani. Kwenye mtaa wetu wanyama wanaelewa mambo ya binadamu na wana akili zao, ila maumbile hayavunjwi. Kulikuwa na pendekezo kwamba Mangi akirudisha mshale, mtaa mzima urudi nyuma, bodaboda zikimbie kinyumenyume. Kinachekesha zaidi, sikatai, lakini tulikikataa kwa sababu hakuna kipindi kingine ambamo Mangi ana nguvu hizo. Ukimwonyesha mtu muujiza sekunde ya 20, atakaa dakika kumi akisubiri mwingine.

Sasa ile kimya ya Mangi. Iliandikwa sekunde mbili, yaani fremu 48 kwa fremu 24 za sekunde moja. Kwenye animatiki, ile video ya michoro ya rafu iliyopangwa na sauti za kurekodi kwa simu, mchoro ulikuwa umesimama kabisa, na kila tuliyemwonyesha kwenye simu aligusa kioo akidhani mtandao umekwama. Kwa mtazamaji wa bando, picha iliyoganda maana yake intaneti imekata. Tulimwongeza nondo mmoja, yule mdudu, akizunguka taa, na Mangi akapepesa macho mara moja. Kimya ikabaki ndefu vilevile na hakuna aliyegusa kioo tena. Mambo kama haya yamalize kwenye animatiki. Mchoro ukishapakwa rangi na kutembezwa, kuongeza nusu sekunde ni kumrudisha mchoraji kazini, na huna ziada ya picha za kuchagua kama aliyepiga kwa kamera.

Hapohapo kwenye animatiki zima sauti, mpe mtu asiyeijua hadithi, simamisha kwenye sekunde ya tano umuulize: huyu anataka nini? Akijibu "sukari" au "kukopa", endelea. Akijibu "yuko dukani", picha yako bado ni mandhari tu, rudi kwa mchoraji.

Baada ya kuirusha, fungua YouTube Studio uangalie mchoro wa watazamaji waliobaki. Huwa unakutajia asilimia ya walioendelea kutazama hadi 0:30. Usiishie kwenye hiyo namba, fuata umbo la mstari. Ukianguka ghafla ndani ya sekunde chache za mwanzo, mara nyingi wa kulaumiwa ni picha ya nje na kichwa cha video, vilivyoahidi kitu kingine. Ukiteremka polepole katikati, tatizo ni kipande chako. Kwetu mstari ulikuwa umetulia hadi Mangi anafunga dirisha, kisha ukaporomoka kwenye wimbo. Wimbo ulikuwa mrefu na mtunzi alikuwa anaupenda. Tuliubakiza sekunde nane, uliobaki ukaenda mwisho kwenye majina ya wahusika.

Kuhusu kuhusiana na hadithi, si lazima. Kipindi kile kilikuwa cha harusi, na sukari haikutajwa tena. Kinachotakiwa kufanana ni aina ya ugomvi: Shafii anatafuta mwanya kwenye maneno, Mangi anauziba. Ila kama kipande chako kinamwacha mtu kwenye swali, mathalani Shafii kafungiwa ndani ya duka, hapo unadaiwa jibu, na lije mara tu wimbo unapoisha. Mimi huandika kipande hiki mwisho, kipindi kizima kikishasimama, na nakiandikia kwenye mandhari zilizokwisha kuchorwa. Dirisha la Mangi tunalo tangu kipindi cha kwanza. Ukidai mandhari mpya kwa ajili ya sekunde 26, andaa majibu ya kumpa mchoraji.