Umefuta projekti lakini diski bado imejaa? Soma hapa kwanza

Juzi usiku dogo mmoja anayeediti video za harusi kaniandikia: "Kaka nimefuta projekti zote za mwaka jana kwenye DaVinci Resolve, nimebakiza moja tu, lakini diski ya tera mbili bado inasoma nyekundu, nafasi imeenda wapi?" Nikasoma ule ujumbe mara mbili maana ni swali lilelile nililojiuliza mimi siku niliyopoteza mteja, na mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma.

Ilikuwa kazi ya dakika 40, picha za 4K, fremu 25 kwa sekunde, imepigwa ndani gizagiza kwahiyo karibu kila klipu niliiwekea noizi ridakshen. Nilikuwa nimeahidi kukabidhi asubuhi. Saa nane usiku nikaanza kurenda, nikalala, nikaamka saa kumi na moja nikakuta renda imegoma njiani, diski haina hata giga moja. Nikashangaa kwa sababu wiki moja nyuma nilikuwa nimesafisha, nilifungua Project Manager nikafuta projekti kama kumi za zamani nikajiona nimemaliza. Nikaanza kufuta vitu kwa papara, mteja anapiga simu, nikakabidhi jioni badala ya asubuhi. Alilipa vizuri tu, ila hakunitafuta tena, na nilijua kabisa ile ingekuwa kazi ya kwanza kati ya nyingi.

Sasa ngoja nikueleze kilichokuwa kinakula diski, kwa sababu ukielewa hili hutahitaji kuuliza mtu tena. Ukiacha Playback > Render Cache kwenye Smart, ukinyamaza sekunde chache tu programu inaanza yenyewe kurenda vipande vizito na kuvihifadhi ndani ya folda inayoitwa CacheClip. Vipande hivyo ndiyo kashe, na yangu ilikuwa imesetiwa ProRes 422 HQ, na hiyo kwa 4K ya fremu 25 inakula kama giga 5.5 kwa kila dakika moja. Zidisha kwa dakika 40, unapata giga 220. Halafu nikarekebisha rangi ya video nzima, ikarenda upya, na ile kashe ya rangi ya zamani haikuondoka, ikakaa palepale pembeni ya mpya. Hiyo ni giga 440 kwa kazi ambayo faili la mwisho la mteja lilikuwa giga 15! Ongeza na proksi, zile nakala nyepesi tunazoeditia badala ya orijino, masaa sita ya picha mbichi kwa ProRes Proxy ya 1080 ni kama giga 100 nyingine.

Na hapa ndipo wengi tunapokosea, mimi nikiwa wa kwanza. Ukifuta projekti kwenye Project Manager unafuta kumbukumbu ya projekti tu, kashe yake inabaki kwenye diski, tena sasa imekuwa yatima. Ukifungua CacheClip utakuta mafolda yenye majina marefu ya herufi na namba zilizochanganywa, hakuna hata moja lenye jina la mteja, na projekti ambayo ungeifungua ili uifute kwa njia ya menyu haipo tena. Ndiyo maana dogo kafuta kazi za mwaka mzima na diski haijatikisika.

Kwahiyo mpangilio ndio kila kitu, kashe kwanza, projekti mwisho. Mimi siku hizi mteja akishathibitisha kwamba amepokea na ameridhika (siyo siku ya kutuma, maana marekebisho huja), naangalia faili la mwisho mwanzo hadi mwisho, halafu naenda Playback > Proxy Handling > Disable All Proxies. Hatua hii usiiruke hata siku moja. Kama klipu zinaendelea kuonekana ujue picha mbichi zipo salama, lakini ukiona nyekundu ya Media Offline simama hapohapo, maana yake ulichokuwa unaangalia muda wote ni proksi na orijino hazipo pale unapodhani zipo. Ukifuta proksi hapo unafuta nakala pekee uliyobaki nayo ya ile kazi.

Zikiwa salama, nafungua kila taimulaini niliyoifanyia kazi na kubonyeza Playback > Delete Render Cache > All, kisha nafuta folda ya proksi ya kazi hiyo. Namalizia kwa kueksipoti projekti pamoja na stili na LUT ili nibaki na faili dogo la .drp, na ndipo naitoa kwenye Project Manager. Kama kazi bado inaendelea na diski inabana, chagua Unused badala ya All, itaondoa zile kashe zisizotumika na kuacha zinazotumika.

Kwa yatima walioshatapakaa kama wa dogo, njia ni moja tu. Funga Resolve kabisa, ingia ndani ya CacheClip, futa vyote vilivyomo, mwaga na pipa la taka. Kashe inajengwa upya, gharama yake ni muda, na kama kazi uliyonayo ina noizi ridakshen nyingi muda huo unaweza kuwa masaa, kwahiyo usifanye hivyo usiku wa kukabidhi. Na nakuomba sana, pembeni ya CacheClip kuna folda inayoanza na nukta, .gallery, hiyo iache. Mimi asubuhi ile ya papara niliifuta nayo nikidhani ni takataka zilezile, kumbe ndimo zilimokaa picha za stili nilizokuwa nalinganishia rangi, na hizo hazijengwi upya na mtu. Kazi iliyofuata ilibidi nioanishe rangi kwa macho, klipu moja moja.

Ila dawa ya kweli iko mwanzoni. Kabla hujaingiza klipu hata moja fungua Project Settings > Master Settings, shuka mpaka Working Folders, elekeza Cache files location na sehemu ya proksi kwenye folda yenye jina la kazi hiyo. Ni kama nusu dakika. Ukishafanya hivyo hata ukisahau mpangilio wote niliosema, hata projekti ikifutwa kimakosa, unajua kabisa folda hii ni ya nani na inafutwa lini. Wahariri wenzangu tunapenda sana kununua diski nyingine, nusu ya zile za kwangu zilikuwa zimejaa vitu ambavyo kompyuta ingevitengeneza tena yenyewe!

Dogo nilimpa maelezo haya kwa sauti, akarudi baada ya nusu saa. CacheClip yake peke yake ilikuwa na giga 610. Alipofungua ile projekti moja aliyobakiza akashtuka kuona mstari mwekundu umerudi juu ya taimulaini nzima, nikamwambia tulia usiguse kitu, na kidogokidogo ukaanza kugeuka bluu.