Nenda Msalani Kwanza

Mimba yangu ya kwanza, wiki ya 20, nilipimwa ultrasaundi ya tumbo kwenye kituo kimoja huku Temeke. Niliambiwa ninywe maji mengi nisikojoe, nikakaa kwenye benchi nimebana miguu. Jibu likaja: mlango wa kizazi una urefu wa milimita 36, hauna shida.

Siku chache baadaye nilikuwa bado nasikia uzito chini ya kitovu. Daktari mwingine, mama mtu mzima, akataka anipime ultrasaundi kwa ndani, kupitia ukeni. Neno lake la kwanza lilikuwa: "Mwanangu, nenda msalani kwanza."

Kumbe kibofu kikijaa hukandamiza mlango wa kizazi, ukaonekana mrefu na umefungwa hata kama sivyo. Akavalisha kifaa chembamba kondomu, akapaka jeli, akakiingiza taratibu. Hakiumi, ila aibu ipo. Hakukisukuma, maana ukikandamiza, mlango hurefuka kwenye skrini. Aliweka alama moja kwenye mdomo wa ndani, nyingine kwenye mdomo wa nje, akasubiri, akarudia. 24, 23, 22. Akaandika 22, kwa sababu mlango hubadilika ukiwa unautazama na kinachohesabiwa ni kipimo kifupi kuliko vyote. Mdomo wa ndani ulikuwa umeanza kutanuka kama faneli ya mafuta ya taa.

Kabla ya wiki ya 24, milimita 25 kushuka chini huitwa mfupi. Kadiri unavyozidi kuwa mfupi, na kadiri unavyofupika mapema, ndivyo hatari ya kuzaa njiti inavyopanda. Lakini wengi wenye 22 kama mimi hufikisha miezi yao. Tena usilinganishe na shoga yako wa wiki ya 32, kwake kufupika ni kawaida.

Nilipewa homoni ya projesteroni miligramu 200, ya kuweka ukeni kila usiku. Nilimuuliza kuhusu kushonwa mlango wa kizazi. Akasema angelifikiria hilo haraka zaidi kama ningekuwa nimeshawahi kuzaa njiti au kupoteza mimba ikiwa kubwa. Mama mkwe aliposikia akaamuru nilale miguu juu hadi nijifungue. Daktari akakataa: kulala kitandani hakujaonyesha kuzuia njiti, na damu inaweza kuganda miguuni. Akaniambia nikiona maji yanatoka, damu, au tumbo linakaza na kuachia kwa mpangilio, nisingoje asubuhi. Hospitali ikinipata mapema, kuna sindano za kukomaza mapafu ya mtoto.

Baada ya wiki mbili nilipimwa tena: 21. Nikaendelea na dawa hadi wiki ya 36, nikajifungua ya 38.

Ile ripoti ya kwanza bado ninayo. Imeandikwa 36 tu. Haisemi kama ni kwa tumbo au kwa ndani, wala kama kibofu kilikuwa kimejaa. Yako ukipewa, uliza hayo mawili kabla hujatoka mlangoni.