Programu inapotuma SMS kwa laini usiyoitaka

Mtu akiniletea simu ya laini mbili inayogoma kusajiliwa kwenye programu ya benki, naanza kwa kumuuliza kama programu inamtumia kodi ya kuthibitisha kwa SMS, au yenyewe ndiyo inayotuma ujumbe kutoka kwenye simu yake. Wengi hawajawahi kutofautisha mambo hayo mawili, na tatizo lote liko hapo.

Kodi inayoingia haina shida na laini mbili. Itafika kwenye namba iliyotumiwa, mradi laini hiyo iko hewani, hata kama mipangilio ya simu imevurugika namna gani. Shida iko kwenye programu zinazoandika "tutatuma SMS kutoka kwenye simu hii kuthibitisha namba yako". Ukikubali, programu hutuma ujumbe wenye herufi na tarakimu zisizosomeka, na benki inaangalia umetoka namba gani. Ukitoka namba iliyosajiliwa unafunguliwa, na ukitoka nyingine unakataliwa.

Sasa, programu nyingi hazichagui laini. Zinaiambia simu itume tu, na simu inatumia laini iliyowekwa kuwa ya ujumbe. Watu huzungumzia "laini kuu" kana kwamba ni kitu kimoja, lakini kwenye Android kuna chaguo tatu zinazojitegemea: laini ya kupiga, laini ya ujumbe na laini ya data. Unaweza kubadilisha ya data kila siku unapofuata bando, na ile ya ujumbe ikabaki palepale ulipoiacha siku uliyonunua simu.

Shemeji yangu alikuwa na hali hiyo hasa. Laini ya kwanza anaitumia kwa bando la intaneti tu, haina salio la kawaida. Ya pili ndiyo iliyosajiliwa benki. Kila akibonyeza kuthibitisha, programu inamwambia ujumbe haukutumwa. Akaongeza vocha kwenye laini ya pili, jibu likawa lilelile.

"Lakini shemeji, namba ya benki nimeiandika mwenyewe humo ndani," akaniambia, "itakosaje kuijua?"

Kuiandika namba kwenye programu hakuielekezi simu popote. Ile ni taarifa kwa benki, ijue ilinganishe na nini. Badala ya kubishana nikafungua programu yake ya ujumbe. Tangu Android 4.4, SMS ikitumwa na programu nyingine, simu yenyewe huiweka kumbukumbu pamoja na jumbe za kawaida. Tuliikuta pale, ina alama ya kushindwa, na tulipoibonyeza kwa muda na kufungua maelezo yake tukaona imejaribu kutoka SIM 1. Laini isiyo na salio. Vocha ilikuwa imekwenda kwenye laini ambayo haikuguswa kabisa.

Angekuwa na salio kwenye laini zote mbili, dalili ingebadilika: ujumbe ungetoka vizuri, halafu programu ingesema namba hailingani. Ukiona kauli ya kutolingana, usiendelee kubonyeza. Programu za benki huwa na kikomo cha majaribio, na ukikipita unafungiwa kwa muda, na hapo unakuwa na matatizo mawili.

Marekebisho yenyewe hayachukui muda. Kwenye simu nyingi za Android fungua mipangilio, ingia sehemu ya mtandao na intaneti, kisha SIM, utafute chaguo la laini ya SMS. Kwenye Samsung njia ni Connections, halafu SIM manager, na humo Messages ina mstari wake mbali na Calls na Mobile data. Chagua laini ya benki. Hakikisha ina salio, kwa sababu ujumbe huu mara nyingi hutozwa kama SMS yoyote. Kisha funga programu kabisa, si kuipunguza tu, na uanze usajili upya. Shemeji alipita hapohapo.

Kuna mpangilio mmoja nisioupenda kabisa kwa kazi hii: "uliza kila mara". Unaonekana wa busara, na kwa kupiga simu ni wa busara kweli. Lakini programu inayotuma ujumbe kimyakimya huenda isipate nafasi ya kukuuliza. Ikiwa iko mbele ya skrini unaweza kuletewa swali, na ikiwa inafanya kazi nyuma ujumbe unaweza usitoke kabisa. Weka laini moja maalumu, angalau mpaka usajili umalizike.

Usipime pia kwa kumtumia rafiki ujumbe. Programu nyingi za ujumbe hukumbuka laini uliyotumia mwisho kwenye kila mazungumzo, kwa hiyo rafiki atapokea kutoka laini ya pili nawe utajiridhisha kuwa mpangilio uko sawa, kumbe programu ya benki bado inapelekwa kwenye ya kwanza. Kipimo cha kuaminika ni ule ujumbe wenyewe kwenye orodha ya zilizotumwa.

Ukishabadilisha yote na bado simu inang'ang'ania laini ileile, izime laini usiyoitaka kwenye mipangilio ya SIM, sajili, kisha iwashe. Napendelea hivyo kuliko kuchomoa kadi, na kwa eSIM hakuna cha kuchomoa hata hivyo. Kumbuka tu kwamba ikiwa imezimwa haipokei simu wala kodi.

Upande wa data mambo yanafanana, ila alama zake ni tofauti. Programu za kampuni za simu huweza kukutambua kwa mtandao unaopitia, bila kukuuliza namba. Ukiifungua ya laini ya pili huku data inapita laini ya kwanza, au uko kwenye waifai, haikutambui, na inakutaka uingie kwa njia nyingine. Zima waifai, hamisha data, kisha ifungue upya. WhatsApp haimo kwenye kundi hili: ikishasajiliwa kwa namba ya laini ya pili inaweza kula bando la laini ya kwanza bila kasoro yoyote, kwa sababu namba ni ya akaunti na data ni njia tu ya kupitia.

Bando likiisha kwenye laini ambayo hukuigusa, angalia kama simu imeruhusiwa kuhamisha data yenyewe. Kwenye Samsung imo humo humo SIM manager, na kwenye iPhone inaitwa Allow Cellular Data Switching, chini ya Cellular Data. Simu huhamia laini ya pili kwa muda, kwa mfano unapopokea simu kupitia laini hiyo. Ni huduma nzuri ikiwa laini zote zina bando. Ikiwa moja inakatwa salio moja kwa moja, zima huduma hiyo, ukijua kwamba data inaweza kusimama wakati unaongea kwa laini nyingine.

Na wenye iPhone, kule programu haiwezi kutuma SMS bila wewe kuiona: ujumbe unafunguka ukiwa umeandikwa tayari na unaubonyeza mwenyewe. Kabla ya kubonyeza, angalia ni laini gani iliyoonyeshwa, na ukiigusa unaweza kuibadilisha papo hapo.