Kabla ya Kuongeza Nguvu ya Leza, Kokotoa Mtawanyiko wa Njia Nzima

Katika vituo ambako mikongo ya baharini huingia nchi kavu, fundi mpya hukutana mapema na chaneli yenye nguvu ya kutosha na kelele kidogo ambayo bado inaleta makosa ya biti, na jambo la kwanza analofikiria ni kuongeza nguvu. Kwa uzoefu wangu wa kazi hii, namshauri asiiguse leza kabla hajakokotoa mtawanyiko wa kromatiki wa njia yote, yaani jinsi pigo la mwanga linavyoenea kwa kuwa rangi zake husafiri kwa kasi tofauti.

Mwanga unaobeba biti hauwi wa rangi moja tupu, kwa sababu kule kuwashwa na kuzimwa kwenyewe kunaupanua. Ishara ya gigabiti 10 kwa sekunde huchukua upana wa takriban nanomita 0.08. Ndani ya kioo, kila urefu wa wimbi husafiri kwa kasi yake. Katika faiba ya kawaida ya modi moja, ile ya kiwango cha G.652, mawimbi mafupi hutangulia na marefu hufuata, na kwenye nanomita 1550 tofauti ni kama pikosekunde 17 kwa kila nanomita ya upana na kwa kila kilomita.

Tuchukue njia ya Mombasa hadi Fujaira, katika Falme za Kiarabu, ambako mkongo wa TEAMS ulianza kazi mwaka 2009, na tuihesabu kuwa kilomita 5,000. Kama njia hiyo ingekuwa faiba ya kawaida tupu bila marekebisho, mtawanyiko wake ungefika 17 × 5,000, yaani 85,000 ps/nm. Ukizidisha kwa 0.08 unapata pikosekunde 6,800, wakati nafasi ya biti moja ni pikosekunde 100 tu. Kila pigo lingeenea juu ya majirani wake wapatao 68, na amplifaya ingekuza mchanganyiko huo huo bila kuutenganisha.

Ishara ya kuwasha na kuzima ya gigabiti 10 huvumilia takriban 1,000 ps/nm, ambazo ni kilomita 60 hivi za faiba hiyo. Ukiongeza kasi maradufu, umbali haupungui kwa nusu bali hubaki robo, kwa kuwa upana wa ishara umeongezeka mara mbili na nafasi ya biti imepungua kwa nusu kwa wakati mmoja. Ndiyo maana gigabiti 2.5 zinafika karibu kilomita 1,000, ilhali gigabiti 40 zinakwama kabla ya kilomita 4.

Mtu atauliza kwa nini isilazwe faiba isiyo na mtawanyiko kabisa. Faiba ya aina hiyo ipo, lakini ukipitisha chaneli nyingi ndani yake, zote husafiri sambamba, mawimbi yake huchanganyika na kuzaa mawimbi mapya yanayoangukia juu ya chaneli nyingine. Kwa hiyo wasanifu wa mikongo ya enzi ya gigabiti 10 walipishanisha vipande vyenye mtawanyiko hasi mdogo na vipande vyenye mtawanyiko chanya, ili jumla ikaribie sifuri huku kila kipande kikibaki na mtawanyiko wake. Ni usanifu ninaouheshimu sana, ila una mpaka: jumla hiyo hukaribia sifuri kwa chaneli ya katikati tu. Mtawanyiko wenyewe hubadilika kulingana na urefu wa wimbi, tuseme kwa 0.08 ps/nm katika kila kilomita kwa kila nanomita ya kusogea, hivyo chaneli iliyo nanomita 15 kutoka katikati hubakiwa na 15 × 0.08 × 5,000, yaani 6,000 ps/nm, mara sita ya kile inachovumilia. Ukiona chaneli za katikati ni safi, za pembeni zinaumwa, na kuongeza nguvu hakubadilishi kitu, tatizo ni hilo, na dawa yake ni kipande cha faiba ya fidia kituoni kwa kila chaneli.

Modemu za sasa za kikoherenti hupokea awamu ya mwanga pamoja na nguvu yake. Mtawanyiko haufuti habari. Husogeza tu awamu ya kila wimbi kwa kiasi kinachojulikana, na prosesa huirudisha kwa hesabu. Zile 85,000 ps/nm sasa zinabebeka, na mikongo mipya huachwa bila fidia yoyote baharini, kwani mtawanyiko mkubwa hupunguza madhara ya chaneli kuingiliana.

Hata hivyo hesabu bado ni yako. Modemu nyingi hutafuta mtawanyiko ndani ya mipaka iliyowekwa kwenye mipangilio. Niliwahi kushuhudia chaneli iliyohamishiwa njia ndefu zaidi baada ya mkongo kukatika ikikataa kushika ingawa nguvu ilikuwa nzuri. Mipaka ilipopanuliwa, ilishika. Na unapoweka chaneli ya kikoherenti kwenye mkongo wa zamani, usiipange ubavuni mwa chaneli za gigabiti 10 zinazowaka na kuzima, kwa sababu mabadiliko ya nguvu yao huvuruga awamu yake, hasa katika faiba yenye mtawanyiko mdogo. Acha nafasi tupu kati yao, kisha soma makosa ya biti yalivyo kabla modemu haijayasahihisha, ukipanua nafasi hiyo hadi usomaji utulie.