Lakini, kwa sababu, kwa hiyo: majibu kwa wanaoandika insha ya hoja kwa Kifaransa

Mwalimu, najiandaa kwa DELF B2. Saa moja ya kuandika huniishia kabla sijamaliza. Nipange vipi? (Dar es Salaam)

Mtihani unataka maneno yasiyopungua 250, na hayo si mengi. Kinachokula muda ni kuanza kuandika kabla hujajua unasimama upande gani. Tenga dakika 15 za mwanzo na usiandike hata sentensi moja ya insha. Kwenye karatasi ya rasimu andika jibu lako kwa sentensi moja, chini yake hoja mbili zinazolibeba, halafu hoja moja ya mtu anayekupinga. Iwe ile iliyo nzito kweli, usichague dhaifu ili uipige kwa urahisi.

Tuseme swali ni *Faut-il interdire les sacs en plastique ?* Utangulizi una kazi tatu tu: jambo halisi, swali, msimamo.

*Le Kenya a interdit les sacs en plastique en 2017, la Tanzanie en 2019. Cette mesure pénalise-t-elle les petits commerçants ? À mon avis, elle reste nécessaire, à condition que l'on propose des sacs de remplacement à bas prix.*

Baada ya hapo mpe mpinzani wako aya yake, ya maneno kama 60. Kisha aya yako ndefu zaidi, yenye hoja zako mbili, halafu hitimisho la sentensi mbili. Wengi hufanya kinyume: humaliza nguvu zao mwanzoni, wakafunga kwa hoja za upande wa pili, na msahihishaji anabaki hajui mwandishi anataka nini. Acha dakika 10 za kusoma ulichoandika. Ukihesabu maneno, kumbuka kwamba chochote kilicho kati ya nafasi mbili ni neno moja, kwa hiyo *c'est-à-dire* ni moja, si manne.

Niliandika "Bien que les sacs soient bon marché, mais ils polluent". Kitenzi ni sahihi, mbona *mais* imekatwa? (Tanga)

Kwa sababu umeandika Kiswahili kwa maneno ya Kifaransa. Sisi husema "ingawa ni rahisi, lakini inachafua" na hakuna anayeshtuka. Kifaransa hakikubali viunganishi viwili vifanye kazi moja. Ukiishaweka *bien que*, msomaji tayari anangojea upinzani, na *mais* inamrudisha nyuma.

Una njia tatu. Bakiza ya kwanza: *Bien que les sacs soient bon marché, ils polluent.* Au bakiza ya pili: *Les sacs sont bon marché, mais ils polluent.* Au ufupishe kishazi cha kwanza kiwe nomino: *Malgré leur bas prix, les sacs polluent.* Baada ya *bien que* na *quoique*, kitenzi huchukua umbo lile lile linalofuata *il faut que*: *soit, ait, fasse, puisse*. Hilo ulilipata. *Malgré* hufuatwa na nomino. *Malgré que* utaisikia mitaani, lakini kwenye karatasi ya mtihani iache.

Cependant, pourtant, en revanche: si zote ni "lakini"? Kwa nini nisitumie yoyote? (Mombasa)

Hapana, na hapa ndipo alama nyingi hupotea. *Pourtant* inahitaji mshangao: sentensi ya kwanza inakufanya utarajie jambo fulani, ya pili inakukatalia. *Le sac en plastique est interdit. Pourtant, on en trouve encore au marché.* Jipime kwa kuweka "licha ya hayo". Ikikaa vizuri, *pourtant* inafaa.

*En revanche* haina mshangao wowote. Inaweka vitu viwili bega kwa bega na kuonyesha vinavyotofautiana: *Le sac en plastique se déchire vite, en revanche, le panier tressé dure des années.* Kapu la ukili kudumu si jambo linalokinzana na mfuko kuchanika. Ni vitu viwili tu vyenye tabia mbili. Ukiandika *pourtant* hapo, msomaji atatafuta mkinzano na hataupata. *Par contre* ina maana hiyo hiyo, ila wapo walimu wanaoikataa kwenye maandishi rasmi, kwa hiyo sioni sababu ya kugombana nao siku ya mtihani.

*Cependant* na *toutefois* ndizo za kuwekea pingamizi la kawaida. Ukikwama, chukua *cependant*.

Huku kwetu tunasoma Kifaransa tangu shule ya msingi, lakini bado mwalimu ananiandikia "lien logique ?" kando ya *puisque*. (Bukavu)

Nadhani umetumia *puisque* kutoa sababu ambayo bado hujaithibitisha. *Parce que* hutoa sababu mpya: msomaji hakuijua, wewe unamwambia. *Puisque* hutoa sababu ambayo msomaji amekwisha kuikubali. Ukiandika *Puisque les commerçants ne pensent qu'à leur profit…*, umelichukua jambo lenye ubishi ukalifanya kama tumeshakubaliana. Msomaji makini atauliza: nani amekubali? Kwanza lithibitishe jambo lenyewe, ndipo *puisque* iwe halali, na hapo ina nguvu kuliko zote, maana inamfunga mpinzani kwa alichokwisha kukiri.

*Car* ni ndugu wa *parce que* katika maandishi, ila haianzishi sentensi. Sababu ikitangulia, anza na *comme*. Kwa nomino, *grâce à* ni kwa jambo jema, *à cause de* mara nyingi kwa baya, na *en raison de* haiegemei popote. Kusema *grâce aux inondations* ni kuyashukuru mafuriko.

Nimehesabu *donc* sita kwenye insha moja. Niweke nini badala yake? (Nairobi)

Kabla ya kubadilisha, futa. Kati ya sita, huenda mbili tu zinaonyesha matokeo. Zilizobaki ni pumzi ya kuvuta. Kwa zinazostahili kubaki, *par conséquent* au *c'est pourquoi* huanzisha sentensi mpya, *si bien que* huunganisha matokeo ndani ya sentensi ile ile kwa kitenzi cha kawaida, na *d'où* hufuatwa na nomino: *d'où la colère des habitants.*

Tuonyeshe aya moja nzima, si sentensi moja moja. (Bujumbura)

Hii ni aya inayompa mpinzani haki yake, kisha inamjibu:

*Certes, le sac en plastique arrange la vendeuse de tomates, car il ne coûte presque rien. Cependant, ce prix cache une dépense que tout le monde paie. En effet, les sacs jetés bouchent les caniveaux, si bien que l'eau envahit les rues dès les premières pluies. Puisque la ville doit ensuite nettoyer avec l'argent des habitants, ce sac n'a jamais été vraiment bon marché.*

*Certes* inakiri, na tofauti na *bien que*, yenyewe inadai *mais* au *cependant* ije baadaye. Ukiisahau, utaonekana umekubaliana na mpinzani moja kwa moja. *En effet* haileti wazo jipya, inaleta ushahidi wa sentensi iliyotangulia. Jaribu kuiondoa uone kama ya tatu bado inathibitisha ya pili. Sentensi ya mwisho ilinishawishi niweke *donc* baada ya mkato. Sikuiweka, kwa sababu *puisque* imekwisha kuifanya kazi hiyo, na tungerudi kwenye kosa la yule wa Tanga.