Rasimu ya Tangazo Inayotokana na Picha, na Namna ya Kuihakiki Mbele ya Bidhaa

Wanaoanza kuuza laptopu zilizotumika huvutiwa haraka na njia hii: unapiga picha kadhaa, unaipa modeli ya akili bandia inayoelewa picha, na baada ya muda mfupi unapata tangazo lenye jina la mashine, sifa zake na hali yake. Rasimu hiyo huokoa muda wa kuandika. Muda wa kukagua hauokoi hata kidogo, kwa sababu modeli huandika kwa sauti ileile jambo ililoliona kwenye picha na jambo ililolikisia kwa kuwa mashine za aina hiyo kwa kawaida huwa nalo.

Nitatumia HP EliteBook 840 G3, mashine ya ofisi yenye kioo cha inchi 14. Tuseme umepiga picha ya mfuniko, ya kibodi, ya pande zote mbili na ya chini, na rasimu ikasema hivi: "HP EliteBook 840 G4, Core i5 kizazi cha 7, RAM GB 8, SSD GB 256, kioo cha Full HD, tundu la HDMI, kibodi yenye taa, sehemu ya laini ya simu, betri inakaa vizuri, inafaa kwa Windows 11, hali nzuri sana." Kila kipande cha sentensi hiyo kinaaminika ukikisoma, na hapo ndipo hatari ilipo.

Kabla ya kuisoma rasimu kwa makini, chukua karatasi, iwashe mashine, na uandike mwenyewe unachokiona. Mpangilio huu ni muhimu kuliko unavyodhaniwa. Mtu aliyekwisha kusoma "HDMI" huliangalia tundu la upande wa kulia na kuliona kuwa HDMI, lakini aliyeanza na karatasi tupu hulazimika kulitazama umbo lake. Kwenye 840 G3 tundu hilo ni la DisplayPort, ambalo ni mstatili uliokatwa pembe moja tu, ilhali la HDMI limebanwa pembe zote mbili za chini. Katika picha iliyopigwa kwa mbali matundu hayo mawili hufanana, na modeli huelekea kuchagua lile linalopatikana kwenye laptopu nyingi. Mnunuzi anayetaka kuunganisha televisheni kwa waya wake wa HDMI atagundua kosa hilo siku ya kwanza.

Toleo na prosesa havithibitishwi kwa umbo. G3 na G4 zinafanana mno kwa nje, na stika yenye maneno "Core i5" haitoshi kukuonyesha kizazi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `msinfo32`, kisha usome mstari wa System Model na wa Processor. Katika mfano wetu inasomeka i5-6300U, na tarakimu ya kwanza baada ya kistari, yaani 6, ndiyo inayotaja kizazi. Kwa hiyo "G4" na "kizazi cha 7" vinafutwa, na maneno ya Windows 11 yanafutwa pamoja navyo, kwa sababu prosesa za Intel za kizazi cha 6 hazimo katika orodha rasmi ya Microsoft ya prosesa zinazokubaliwa na mfumo huo. Ikiwa mashine ina Windows 10, mweleze mnunuzi waziwazi, naye ajue kwamba msaada wa kawaida wa mfumo huo ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

RAM na diski haviwezi kuonekana kwenye picha ya nje kwa namna yoyote ile. Kila tarakimu iliyoandikwa juu yake ni kisio hata pale inapotokea kuwa sahihi, na usahihi wa bahati usikufanye uamini tarakimu ya mashine inayofuata. Kioo nacho ni vivyo hivyo: toleo hili liliuzwa likiwa na vioo vya vipimo tofauti, vikiwemo 1366 × 768 na 1920 × 1080, na picha ya kioo kinachong'aa haitofautishi. Fungua mipangilio ya skrini usome vipimo. Taa ya kibodi iwashe na uione kwa macho. Kuhusu laini ya simu, angalia Device Manager, kwa kuwa mashine za ofisi aghalabu huwa na tundu la laini ilhali modemu yenyewe haikufungwa ndani. Modeli imeona tundu, nayo imesema kweli kuhusu tundu. Kosa huja pale mnunuzi anapolichukulia tundu hilo kuwa huduma.

Maneno "betri inakaa vizuri" hayana chanzo chochote kwenye picha. Fungua dirisha la amri na uandike:

```
powercfg /batteryreport
```

Amri hiyo hutengeneza ripoti na kukuonyesha ilikohifadhiwa. Ndani yake linganisha DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Ikiwa ya kwanza ni 46,500 mWh na ya pili ni 30,200 mWh, betri imebakiwa na takriban asilimia 65 ya uwezo wake wa awali, na hilo ndilo la kuandika. Kisha ichomoe chaja na uitumie kwa muda, maana betri iliyochoka sana huweza kuripoti vizuri na bado ikazima ghafla.

Hadi hapa umekagua yaliyoandikwa. Upungufu mkubwa zaidi wa rasimu, kwa maoni yangu, uko katika yasiyoandikwa, kwa sababu anayefuata rasimu mstari kwa mstari hawezi kukutana na kasoro ambayo rasimu haikuitaja. Weka rasimu kando na uizunguke mashine: fungua na ufunge bawaba ukisikiliza mlio, chomeka kitu katika kila tundu, bonyeza kila kitufe, fungua ukurasa mweupe kwenye skrini nzima utafute madoa. Kibonyeo kwenye pembe ya mfuniko hupotea kabisa katika picha iliyopigwa kwa mwanga wa mbele. Kipige upya kwa mwanga wa pembeni, kisha ukiandike kwa ukubwa wake badala ya "hali nzuri sana".

Unaweza kupunguza makosa tangu mwanzo kwa kubadilisha agizo. Usiiombe modeli tangazo. Iombe kwanza orodha ambamo kila sifa imeambatana na picha inayoithibitisha na kitu hasa kilichoonekana, na isiyoonekana iandikwe "haionekani". Agizo hilo halimalizi makisio, ila huyaweka mahali pa kuonekana. Stika ya chini ipige kwa karibu, kwa sababu picha kubwa mara nyingi hupunguzwa kabla ya kusomwa na herufi ndogo zikaungana, hata 6200U na 6300U zikachanganyika. Namba ya utambulisho wa kifaa, yaani serial number, ifunike katika picha utakazozitangaza.

Ukiisha kusahihisha, huenda ukairudishia modeli maandishi yako ili iyalainishe lugha. Yakirudi, yalinganishe neno kwa neno na karatasi uliyoiandika mbele ya mashine, kwa kuwa katika kulainisha ndipo "DisplayPort" huweza kugeuka tena kuwa "HDMI", na "asilimia 65" ikawa "betri imara".