Hatua ya saratani ya titi haipatikani kwa kujumlisha T, N na M

Wiki hii msomaji mmoja wa Mbagala ameniandikia: "Shikamoo dokta. Dada yangu ana kansa ya titi la kushoto. Kabla ya upasuaji tuliambiwa yuko hatua ya pili. Majibu ya patholojia yametoka, sasa wanasema hatua ya tatu, na uvimbe wenyewe umeandikwa mdogo kuliko ule wa mwanzo. Imesambaa ndani ya mwezi mmoja, au kuna mtu kakosea?"

Marahaba, mdogo wangu. Hakuna aliyekosea, wala kansa haikuhama. Msomaji huyu ametuma picha ya karatasi zote mbili za dada yake na kuniruhusu nizitumie hapa, maana swali lake huulizwa kila siku kwenye korido za kliniki na mara nyingi hujibiwa haraka haraka.

Karatasi ya kwanza imeandikwa cT2 cN1 cM0, hatua ya IIB. Ile c ndogo inaonyesha kwamba haya yamepatikana kabla ya upasuaji, kwa mikono ya daktari na kwa picha. T ni uvimbe wenyewe. Kwenye titi, uvimbe usiozidi milimita 20 ni T1, uliozidi 20 hadi 50 ni T2, na uliozidi 50 ni T3. Wa dada huyu ulipimwa kwa ultrasaundi ukawa milimita 34, kwa hiyo T2. Zikiwepo vimbe mbili au tatu kwenye titi moja, hazijumlishwi. Unahesabiwa ule mkubwa kuliko yote. T4 ndiyo inayowachanganya wengi kwa sababu haiangalii ukubwa kabisa. Inaandikwa pale saratani ilipoingia kwenye ngozi ikafanya kidonda au ngozi ikavimba kama ganda la chungwa, au iliposhika ukuta wa kifua. Ngozi kubonyea kidogo au chuchu kuvutwa ndani, peke yake, haimpeleki mgonjwa T4. Nimeona watu wakipoteza usingizi kwa ajili ya chuchu.

N ni tezi za limfu, zile ambazo zikivimba kwapani tunaziita mitoki. Daktari akipapasa kwapa la upande uleule na kukuta tezi yenye saratani ambayo bado inachezacheza chini ya vidole, hiyo ni N1. Tezi zikiwa zimegandana au zimeshikamana na nyama za pembeni, ni N2. Zikionekana chini ya mtulinga au juu yake, upande uleule, ni N3. Tezi ya juu ya mtulinga wa upande uleule haihesabiwi kuwa imesambaa mbali, lakini ya kwapa la upande wa pili inahesabiwa hivyo. M ni huko mbali: mifupa, mapafu, ini, ubongo. Kisipoonekana kitu kwa historia, uchunguzi na vipimo vilivyohitajika ni M0, kikionekana ni M1.

Sasa herufi tatu zinakuwaje hatua moja? Hapa watu huchukua kalamu na kujumlisha. Mbili na moja na sifuri ni tatu, basi hatua ya tatu! Sivyo. Ni jedwali, kama lile la makato ya kutuma pesa kwa simu: unatafuta mstari wako, unasoma kilichoandikwa mbele yake. Chukua michanganyiko ambayo yote jumla yake ni nne. T2 N2 M0 ni IIIA. T4 N0 M0 ni IIIB. T1 N3 M0 ni IIIC. Na T1 N0 M1, ambayo jumla yake ni mbili tu, ni hatua ya IV, kwa sababu M1 inafuta kila kitu kilichotangulia: uvimbe uwe mdogo kama punje ya harage, ukishaonekana kwenye ini ni hatua ya nne. N3 nayo ina nguvu ya namna hiyo kwa wasio na M1; T iwe yoyote, wanaishia IIIC. Ukubwa wa uvimbe unaamua sana pale tu tezi zikiwa safi au zikiwa chache: T1 N0 ni IA, T2 N0 ni IIA, T3 N0 ni IIB. T2 N1 nayo iko IIB, na ndipo dada alipokuwa.

Twende karatasi ya pili. Titi limeondolewa pamoja na tezi za kwapa, na mtaalamu wa patholojia ameandika pT2 pN2a: uvimbe milimita 28, tezi 5 kati ya 16 zina saratani. Hiyo p ni ya patholojia. Thelathini na nne au ishirini na nane, zote ziko T2, kwa hiyo kupungua kwa ukubwa hakukubadilisha chochote. Ultrasaundi na rula ya maabara hazilingani sikuzote, na maabara hupima sehemu iliyovamia tu. Kilichobadilika ni N, kwa sababu baada ya upasuaji kanuni yenyewe ya N inabadilika. Sasa tezi zinahesabiwa. Moja hadi tatu ni pN1, nne hadi tisa ni pN2, kumi na kuendelea ni pN3. Vidole vilikuta tezi moja inayocheza. Darubini ikakuta tano. T2 N2 M0 ni IIIA. Zile nne nyingine zilikuwemo tangu mwanzo.

Kwa hiyo soma namba zote mbili, ya juu na ya chini. 5/16 inaaminika. Ingekuwa 3/3, mgonjwa angeandikwa pN1, lakini tezi tatu tu zikichunguzwa pN2 haiwezekani kuandikwa hata kama kwapani zimebaki nyingine zenye saratani. Ukikuta namba ya chini ni ndogo hivyo, muulize daktari wa upasuaji kama alikusudia kutoa chache za kupima tu, au zilitakiwa kutolewa nyingi.

Kama mgonjwa alianza na dripu za kemo kabla ya upasuaji, karatasi itaandikwa ypT na ypN. Hizo zinaeleza kilichobaki baada ya dawa. Aliyeanza cT4 N1, IIIB, akapata ypT1 ypN0, hajageuka kuwa hatua ya kwanza. IIIB ya mwanzo inabaki kwenye faili na bado inatumika kupanga mionzi. Ndugu wengi hukosa kliniki hapa, wakidhani ugonjwa umeshashuka.

Tena, G3 iliyo kwenye karatasi hiyohiyo si hatua ya tatu. Ni namna seli zilivyoharibika zikitazamwa kwa darubini, na mtu wa IA anaweza kuwa nayo.

Kwa dada wa Mbagala, pN2 ina maana moja ya karibu: tezi nne na kuendelea ni sababu ya kupewa mionzi kifuani na kwenye tezi za juu ya mtulinga hata kama titi lote limeondolewa. Pia kwa hatua ya tatu ni haki kuuliza kama CT ya kifua na tumbo na kipimo cha mifupa vimefanyika, kwa kuwa ile M0 ya kwanza inaweza kuandikwa kwa uchunguzi wa kawaida tu. Kwenye picha alizonitumia sioni ER na PR, yaani vipokezi vya homoni kwenye seli za saratani, wala HER2, ambayo ni protini ya seli hizo. Toleo la nane la mwongozo wa AJCC, kamati ya Marekani inayopanga kanuni za hatua za saratani, linalotumika tangu 2018, huchanganya hizo na G pamoja na T, N na M kupata hatua nyingine inayotabiri mwenendo wa ugonjwa, na hiyo inaweza kuwa juu au chini ya IIIA. Kipande cha nyama kimehifadhiwa maabara ndani ya nta. Kipimo kinaweza kuombwa hata leo, bila kumkata dada tena.